Kusawazisha Irabu za Wasemaji Tofauti

Peterson na Barney walipopima irabu za Kiingereza cha Marekani mwaka 1952, sauti ya “i” ya wanaume ilikuwa na fomanti ya kwanza ya hezi 270 kwa wastani, ya wanawake 310, ya watoto 370. Sikio husikia “i” ileile. Kinachotofautiana ni urefu wa njia ya sauti, kuanzia kooni hadi midomoni. Kulinganisha hezi tupu, basi, ni kulinganisha miili.

Lobanov, mwaka 1971, alipendekeza kila msemaji apimwe kwa kipimo chake mwenyewe: thamani hutolewa wastani wake, kisha tofauti hugawanywa kwa mtawanyiko wa irabu zake. Msemaji mwenye wastani wa 450 na mtawanyiko wa 150 hupata -1 kwa “i” ya hezi 300.

Mtego uko kwenye wastani. Matini ya Kiswahili imejaa “a”, yenye fomanti ya kwanza ya juu. Wastani ukivutwa hadi 510, “i” hiyohiyo huwa -1.4, ingawa ulimi haukusogea. Dawa ni kupata kwanza wastani wa kila irabu, ndipo wastani wa hizo tano.

Kugawanya kwa mtawanyiko pia hufuta ukubwa wa eneo la irabu. Anayechunguza matamshi yaliyofifia hufaa atumie njia ya Nearey, inayotoa wastani wa logi bila kugawanya.