Asilimia ya Majani na Uzito wa Bakuli

Katika majedwali ya vyakula, mchicha ukihesabiwa mkavu huonekana una protini yapata asilimia 25, na maharage makavu asilimia 22. Msomaji asiye na hadhari aghalabu hudhani kwamba mboga imeyashinda maharage, ilhali chunguni mambo ni kinyume kabisa.

Chukua gramu 200 za mchicha mbichi, majani matupu yaliyokwisha kuchambuliwa, ambayo machoni ni lundo zima lakini yakipata moto hunywea hata yakawa konzi moja. Katika uzito huo, gramu 180 hivi ni maji; zilizosalia ni 20, na robo yake, yaani gramu 5, ndiyo protini. Kisha pima maharage makavu gramu 50, kiasi cha bakuli dogo yakishaiva: mna gramu 11. Asilimia haikusema uongo, bali imehesabu mboga iliyoondolewa maji, na mboga hiyo hakuna aipakuaye.

Kisamvu kina hali yake, maana jani la muhogo halina maji mengi kama mchicha. Protini yake, ikihesabiwa kavu, haiko mbali na ile ya mchicha, walakini gramu 100 za majani mabichi hutoa takriban gramu 7. Tena kikitwangwa kinuni hushuka sana, hivyo gramu 150 za majani huingia katika bakuli moja bila taabu, na mlaji akapata kiasi cha gramu 10. Ndiyo sababu huko Kongo, ambako kisamvu huitwa sombe na hupakuliwa kwa wingi, majani haya yamekuwa kitoweo hasa, si kionjo cha pembeni. Kutwanga kwenyewe hakuna budi: jani hubeba sumu ya sianidi iliyofungamana, na mchi ukilipasua huifungua, kisha hutoka na mvuke katika kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Sasa tia tui la nazi. Chungu kimeongezeka uzito, asilimia ya protini imeshuka, na mtu wa majedwali atasikitika. Lakini gramu zilizotoka katika majani zimo vilevile, hazikupungua hata chembe. Kwa hiyo apimaye apime majani kabla ya kupikwa, kisha agawanye kwa idadi ya walaji.

Hata hizo gramu zataka kupunguzwa kidogo. Maabara aghalabu hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, ilhali sehemu ya naitrojeni ya majani si protini. Na ile iliyo protini, katika kisamvu, ina upungufu wa methionini, wala haimeng'enywi yote, kwa sababu ya nyuzinyuzi na tanini. Upungufu huo wa methionini ugali wa mahindi huuziba kwa kiasi, na kisamvu nacho huupa ugali laisini, ambayo katika mahindi ni haba.