Takafuli: Pesa Inayobaki Mfukoni ni ya Nani?

Mwenye gari akilipia bima ya kawaida na mwaka ukaisha bila ajali, pesa yake imekwenda. Kampuni imemuuzia kinga naye ameinunua, na kinachobaki baada ya fidia kulipwa ni faida ya wenye hisa. Takafuli, bima ya Kiislamu ya kusaidiana, imejengwa juu ya mkataba wa namna nyingine. Cheti kinachobandikwa kwenye kioo cha gari hakitakuonyesha tofauti hiyo. Utaiona kwenye vitabu vya hesabu.

Mwaka 1985, mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba bima ya kibiashara ina gharari kubwa, yaani mtu analipa kiasi anachokijua ili apate kitu asichojua kama atakipata. Badala yake baraza lilielekeza kwenye bima ya kusaidiana, ambayo msingi wake ni kujitolea. Sudan ilikuwa imekwisha kuanzisha kampuni ya aina hiyo mwaka 1979. Kenya iliipata yake, Takaful Insurance of Africa, mwaka 2011.

Mchangiaji hanunui kinga kwa kampuni. Anatoa tabarui, mchango wa hiari unaoingia kwenye mfuko wa wachangiaji wote, na mwenzake akipatwa na hasara analipwa kutoka humo. Kampuni ni mwendeshaji tu. Katika mfumo wa wakala, ambao umeenea sana, inapokea ujira uliotajwa mapema kwa kazi ya kusajili wanachama, kukagua madai na kutunza hesabu. Kwa hiyo lazima kuwe na vitabu viwili, kimoja cha mfuko na kingine cha wenye hisa wa kampuni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wenye magari 1,000 wa Mombasa wanachanga shilingi 40,000 kila mmoja, jumla milioni 40. Ujira wa wakala ni asilimia 30, yaani milioni 12, nao unakwenda kwenye kitabu cha kampuni. Zinabaki milioni 28. Mfuko unalipa milioni 4 za takafuli mtawanyo, ili hasara kubwa mno ibebwe na mfuko mwingine mpana zaidi. Sasa kuna milioni 24 za kulipia madai. Mwaka unakwisha, wanachama 250 wamelipwa fidia ya jumla ya milioni 18, na ziada ni milioni 6.

Ziada hiyo ni mali ya wachangiaji. Tuseme mkataba unaagiza nusu iwekwe akiba na nusu igawiwe kwa wasiodai fidia mwaka huo. Watu 750 wanagawana milioni 3, kila mmoja anapata shilingi 4,000. Mgao huu hauwezi kuahidiwa, kwa sababu hakuna ajuaye mapema madai yatakuwa kiasi gani.

Mwaka wa pili mvua ni kali, ajali ndogo ndogo ni nyingi, na hakuna hata moja inayofikia kiwango cha kulipwa na takafuli mtawanyo. Madai yanafika milioni 30. Milioni 24 za mwaka huo na milioni 3 za akiba hazitoshi. Zinapungua milioni 3. Hapa wenye hisa wanaukopesha mfuko bila riba, na madai yanalipwa. Mwaka wa tatu ukileta ziada ya milioni 5, deni la milioni 3 hulipwa kwanza, kisha ndipo milioni 2 zilizobaki zifikiriwe kwa akiba au mgao. Upungufu ukijirudia mwaka baada ya mwaka, mkopo hautauponya mfuko: michango iko chini mno, au magari yanayopokelewa ni ya hatari kupita kiasi.

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu umo kwenye ujira. Rudi kwenye mwaka wa kwanza, upandishe ujira ufike asilimia 45. Kampuni inachukua milioni 18, takafuli mtawanyo milioni 4, na madai yale yale yanameza milioni 18 zilizobaki. Ziada imekuwa sifuri. Hakuna aliyeiba wala kuvunja mkataba, ila mchangiaji yuko pale pale alipokuwa kwenye bima ya kibiashara. Zipo pia kampuni zinazojitengea sehemu ya ziada kama tuzo ya kuendesha mfuko vizuri. Wapo wanazuoni wanaoikubali, na wapo wanaosema kampuni imekwisha kulipwa ujira wake.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, uliza ujira ni asilimia ngapi na kampuni inachukua kiasi gani cha ziada, kisha omba taarifa ya mfuko wa wachangiaji ya miaka mitatu iliyopita. Ukipewa hesabu za kampuni peke yake, hujaonyeshwa mfuko utakaolipa madai yako.