Puto la Maji na Nguvu za Kupewa

Jamani, kwenye kipindi cha wiki hii tulibishana mpaka muda ukaisha. Mwenzangu anashikilia kwamba Naruto iliharibika pale mwisho nguvu zilipoanza kugawiwa kama pipi za Idi. Mimi nikasema mambo si mepesi hivyo. Basi namalizia hapa, na kama bado hujafika vita vya mwisho, ishia aya ya nne.

Tuanze na kile kinachopendwa: mafunzo ya Rasengan. Jiraiya anamfundisha Naruto kwa hatua tatu. Kwanza anampa puto la maji alipasue kwa kuzungusha chakra ndani yake, na hapo anajifunza mzunguko. Halafu anampa mpira mgumu usio na maji, ambao hauwezi kupasuka bila nguvu nyingi. Mwisho anampa puto la hewa: mzunguko ule ule, nguvu ile ile, ila safari hii lisipasuke. Naruto anakwama kweli kweli. Kilichomtoa kwenye puto la kwanza ni kumwona paka akilichezea, akilisukuma huku na huku, ndipo akaelewa kwamba maji yanatakiwa kwenda pande nyingi kwa pamoja. Kwa kuwa mkono mmoja haukutosha, akatumia na wa pili.

Ndiyo maana Rasengan inapomlipukia Kabuto, hakuna haja ya mtu pembeni kukueleza kwamba Naruto ameongezeka nguvu. Wewe mwenyewe umeona kila kipande kikijengwa. Na bado haijakamilika, maana anahitaji kivuli chake kimsaidie kuizungusha, na udhaifu huo anaendelea nao muda mrefu. Kujifunza kumemwachia alama.

Hata kujigeuza kunaweza kufanywa hivi. Mafunzo ya mlima wa vyura, yale ya nguvu za asili, yana masharti yanayoeleweka: lazima utulie kimya ili uzikusanye, ukizidisha unageuka chura wa jiwe, na ukishazipata hazidumu, ni kama dakika tano tu. Kwa hiyo Naruto anapomkabili Pain, ameacha vivuli mlimani vikiendelea kumkusanyia. Wewe mtazamaji unahesabu naye: kimebaki kimoja, je, kitatosha? Wasiwasi wote unatoka kwenye masharti hayo.

Sasa twende kwenye lawama. Kwenye vita vya mwisho Naruto anakaribia kufa, anakutana na Hagoromo, mzee wa kale, anapewa nguvu na kuamka mtu mwingine. Wakati huo huo Might Guy, ambaye maisha yake yote ni mazoezi tu, amefungua milango yote minane na nusura amuue Madara, kwa gharama ya uhai wake. Kisha Naruto anafika, anamgusa tu, na Guy hafi. Nilifurahi kwamba amepona, lakini nilijisikia vibaya. Aliyetoa jasho miaka yote ameokolewa na aliyepewa leo.

Linalouma zaidi ni Neji. Kwenye mtihani wa chunin, Neji alisema mtu hawezi kuikimbia hatima yake, na Naruto akamshinda huku akimpinga. Baadaye tunaambiwa Naruto ndiye Ashura aliyezaliwa upya. Mama yangu angecheka: jitihada haiondoi kudura. Kwa hiyo Neji alikuwa sahihi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwenzangu. Hagoromo mwenyewe anasimulia kwamba Ashura ndiye mtoto aliyekuwa hana kipaji, aliyefika kwa jasho na kwa msaada wa watu. Na urafiki na Kurama haukuja kwa zawadi; Naruto aliupigania miaka mingi. Kwa hiyo mada ya jitihada haijatupwa.

Ila nakubali kosa liko wapi. Habari za Ashura tunasimuliwa haraka haraka katikati ya vita, wakati puto la maji tulikaa nalo siku baada ya siku. Na nguvu ile mpya haina masharti tunayoyajua kabla ya pambano. Hatujui inaisha lini wala inamgharimu nini, basi hatuna cha kuhesabu.

Mtu akikuambia hapendi wahusika kuongezewa nguvu, muulize hivi: kabla ngumi ya kwanza haijarushwa, ulijua huyu anaweza nini na hawezi nini? Kwa Pain nilijua. Kwa Madara sikujua, nikabaki kutazama rangi tu. Mwenzangu, jibu lako nalisubiri kipindi kijacho.