Gari Uko Nalo, Mwenyewe Bado

Yadi nyingi za magari Nairobi hukukabidhi ufunguo siku unayolipa malipo ya kwanza. Kuanzia hapo unaliendesha, unalikatia bima na kulipeleka gereji kwa gharama yako. Lakini ukiusoma mkataba, utakuta umeitwa mkodishaji tu. Hela unazolipa kila mwezi ni za kukodi, na gari linakuwa lako ukishalipa awamu ya mwisho.

Ndiyo maana huwezi kuliuza. Asiyekuwa mwenye mali hawezi kumpa mwingine umiliki asiokuwa nao. Mwaka 1895 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya piano iliyokodishwa kwa awamu 36. Mkodishaji aliiweka rehani kabla hajamaliza kulipa. Mwenye piano, Helby, alirudishiwa mali yake, na aliyeishika rehani akabaki mikono mitupu. Kanuni hiyo ndiyo humkamata anayenunua Probox kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiyemaliza deni: mwenyewe akija, gari linaondoka, na mnunuzi anabaki kumtafuta aliyemuuzia.

Hata hivyo, sheria ya Kenya haikumwacha mkodishaji hivihivi. Chukua gari ambalo bei yake yote, faida ikiwemo, ni shilingi 1,500,000. Umeanza na 600,000, kisha unalipa 25,000 kwa miezi 36. Ukimaliza awamu ya 16, umefikisha milioni moja, yaani theluthi mbili. Tangu siku hiyo, ukikwama, mwenye gari hawezi kutuma madalali walibebe usiku. Lazima aende mahakamani kwanza. Akilichukua kwa nguvu, mkataba unavunjika, nawe una haki ya kudai ulichokwisha lipa. Kinga hii ni ya mtu binafsi, si kampuni, na ya mikataba isiyozidi shilingi milioni 4. Kwa hiyo tunza risiti zote. Bila risiti, nani atajua kama umefika awamu ya 16 au bado uko ya 14?

Ukilazimika kuuza katikati, mwombe mwenye gari barua inayotaja kiasi kilichobaki. Tuseme ni 400,000, na umepata mteja wa 900,000. Mteja alipe hizo 400,000 moja kwa moja kwa mwenye gari, nusu milioni iwe yako, na uhamisho uidhinishwe na mwenye gari mwenyewe. Ukipewa pesa zote wewe, ukaahidi kwamba utalipa deni kesho, mteja amekuamini kupita kiasi.

Naye mteja asiridhike na nakala ya logbuku aliyotumiwa kwenye simu. Atafute rekodi ya gari NTSA kabla ya kulipa hata shilingi. Mara nyingi logbuku ya gari lenye deni huwa na majina mawili, la anayelilipia na la benki au kampuni iliyokopesha. Akiona jina la pili, amuulize muuzaji barua ya deni iko wapi.