Bajeti ya Idara na Mafungu Yake Matatu

Bajeti ya idara huharibika mara nyingi kwa sababu mwandaaji amechukua jumla ya matumizi ya mwaka uliopita, akaiongeza asilimia kadhaa na kuiwasilisha kama makadirio ya mwaka ujao. Njia hiyo huchanganya gharama ambazo chanzo chake si kimoja, kwa hiyo matumizi yanapopanda hakuna anayeweza kueleza kama kazi imeongezeka, bei zimepanda au kuna ubadhirifu. Dawa yake ni kugawa gharama katika mafungu matatu, yaani gharama zisizobadilika, gharama zinazobadilika na akiba ya dharura, na kulipatia kila fungu hesabu yake na usimamizi wake.

Mfano wa kufikirika wa maabara ya hospitali binafsi nchini Tanzania, inayofanya wastani wa vipimo 2,000 kwa mwezi, unaonyesha vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Gharama isiyobadilika ni ile inayolipwa kwa kiwango kilekile, wagonjwa wawe wengi au wachache. Katika maabara hiyo fungu hili linabeba mishahara ya wataalamu, mchango wa mwajiri katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mkataba wa matengenezo ya mashine, pamoja na intaneti na usafi, na vyote hivyo hugharimu shilingi 5,600,000 kwa mwezi. Gharama inayobadilika, kwa upande wake, hupanda na kushuka kufuatana na wingi wa kazi: kila kipimo hutumia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya shilingi 2,400, na glovu, sindano na mirija ya damu ya shilingi 800.

Ugumu huanzia kwenye gharama mseto, ambayo sehemu yake haibadiliki na sehemu nyingine hufuata kazi. Umeme ni mfano mmojawapo, kwa kuwa majokofu ya kuhifadhia vitendanishi na sampuli huwaka usiku kucha hata kama hakuna mgonjwa aliyefika, ilhali mashine za kupimia hula umeme zaidi kadiri sampuli zinavyoongezeka. Njia rahisi ya kuitenganisha ni kulinganisha mwezi wenye kazi nyingi kuliko yote na mwezi wenye kazi chache kuliko yote. Ikiwa vipimo 2,600 viliambatana na umeme wa shilingi 1,180,000, na vipimo 1,400 na umeme wa shilingi 820,000, basi vipimo 1,200 vya ziada viliongeza shilingi 360,000, ambazo ni sawa na shilingi 300 kwa kipimo. Vipimo 1,400 kwa kiwango hicho vinachukua shilingi 420,000, na shilingi 400,000 zinazobaki ndizo gharama isiyobadilika. Njia hii hutegemea miezi miwili tu, kwa hiyo mwezi uliokuwa na tukio lisilo la kawaida, kama vile mashine kusimama kwa wiki mbili, haufai kutumiwa.

Baada ya umeme kugawanywa, gharama zisizobadilika zinafikia shilingi 6,000,000 kwa mwezi na zinazobadilika shilingi 3,500 kwa kipimo. Kwa vipimo 2,000 bajeti ya mwezi inakuwa shilingi 13,000,000, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtu anaweza kugawa kiasi hicho kwa vipimo 2,000, akapata wastani wa shilingi 6,500, kisha akautumia kukadiria kila mwezi. Vipimo vikishuka hadi 1,500, wastani huo unatoa bajeti ya shilingi 9,750,000, ilhali mahitaji halisi ni shilingi 11,250,000, maana mishahara na mkataba wa matengenezo havikupungua pamoja na wagonjwa. Idara itaonekana imevuka bajeti kwa shilingi 1,500,000 katika mwezi ambao huenda haikufuja hata senti.

Ikumbukwe pia kwamba gharama huitwa isiyobadilika ndani ya kiwango fulani cha kazi tu. Ikiwa wataalamu waliopo wanaweza kumudu vipimo 3,000 kwa mwezi, kipimo kinachozidi hapo hudai mwajiriwa mpya au zamu ya ziada, na gharama huruka ghafla kama mtu anayepanda ngazi. Bajeti makini hutaja kikomo hicho waziwazi, ili uongozi ujue mapema ni wakati gani fungu hilo litahitaji kupangwa upya.

Fungu la tatu, akiba ya dharura, ni fedha zilizotengwa kwa matukio yanayoweza kutokea lakini ambayo wakati wake au ukubwa wake haujulikani. Matengenezo ya kawaida na likizo za watumishi havimo humu, kwa kuwa vinajulikana na vina nafasi yake katika mafungu mengine. Badala ya kuchagua asilimia kwa mazoea, idara huorodhesha matukio yenyewe, ikakadiria hasara ya kila moja na uwezekano wake, kisha ikazidisha hivyo viwili. Kipuri kisichofunikwa na mkataba, chenye bei ya shilingi 8,000,000 na uwezekano wa mara moja katika miaka minne, huhesabiwa kuwa shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Vitendanishi vinavyoagizwa kutoka nje hupanda bei shilingi inaposhuka thamani dhidi ya dola. Kwa kuwa maabara hii hutumia vitendanishi vya shilingi 57,600,000 kwa mwaka, ongezeko la asilimia 10 lenye uwezekano wa nusu huhesabiwa kuwa shilingi 2,880,000.

Jumla ya hesabu hizo ni shilingi 4,880,000, lakini kiasi hicho hakitoshi kununua kipuri kile siku kitakapoharibika, kwa sababu tukio likitokea hudai bei yake yote. Huo ndio udhaifu wa akiba ya idara ndogo. Kwa hiyo ni busara hospitali ikusanye akiba za idara zote katika mfuko mmoja, kwani si rahisi mashine za idara zote ziharibike katika mwaka uleule. Mfuko huo huhitaji kanuni zilizoandikwa kuhusu matukio yanayostahili na mwenye mamlaka ya kuidhinisha, la sivyo utageuka kuwa kiraka cha kuzibia matumizi mabaya. Kuficha akiba kwa kuvimbisha makadirio ya glovu au vitendanishi ni kosa, kwani kunaharibu kiwango ambacho matumizi yatapimwa kwacho.

Faida ya mgawanyo huo huonekana wakati wa kukagua matumizi. Chukulia mwezi ambao maabara imefanya vipimo 2,300 na gharama zinazobadilika zikafika shilingi 8,510,000, dhidi ya shilingi 7,000,000 zilizopangwa. Kabla ya kulaumu, mkaguzi huandaa upya bajeti kwa kazi iliyofanyika kweli: vipimo 2,300 kwa shilingi 3,500 ni shilingi 8,050,000. Kati ya ziada ya shilingi 1,510,000, shilingi 1,050,000 zimetokana na wagonjwa kuongezeka, na malipo yao yanapaswa kuonekana upande wa mapato. Shilingi 460,000 zinazobaki, yaani shilingi 200 kwa kila kipimo, ndizo zinazodai maelezo, na mahali pa kuyatafuta panajulikana: ankara za wauzaji zitaonyesha kama bei imepanda, daftari la stoo litaonyesha vitendanishi vilivyopita muda wake, na kumbukumbu za mashine zitaonyesha vipimo vilivyorudiwa. Bei ikiwa ndiyo sababu, akiba inaweza kuguswa kwa idhini. Lakini chanzo kikiwa vitendanishi vilivyoharibikia stoo, kinachohitaji kurekebishwa ni utaratibu wa kuagiza na kutunza bidhaa, na akiba ibaki ilipo.