Hedifoni Zinapoficha Besi

Hedifoni zilizofungwa nyuma huzuia sauti isivuje, kwa hiyo ndizo za kumvalisha mwimbaji mbele ya maikrofoni. Kwa kuchanganya wimbo mahali tulivu, mimi huchagua zilizo wazi: hewa hupita nyuma ya spika, mwangwi wa ndani ya kifuniko hupungua, na sikio halichoki upesi. Lakini nazo zina uongo wake.

Chukua Sennheiser HD 650, ambazo ni za wazi. Besi yake hunywea unaposhuka chini ya hezi 100, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kupotea. Prodyuza asiyejua hilo huona ngoma kubwa ni dhaifu, anaiongeza; wimbo ukipigwa kwenye gari, milango inatetema.

Dawa ni kuweka ikwalaiza mwishoni kabisa mwa njia ya sauti. Anza kwa kupandisha besi desibeli 4, kuanzia hezi 80 kushuka, kisha punguza sauti yote kwa desibeli 4 ili isipasuke. Usizidishe: kiwambo cha spika kikisukumwa sana hukwaruza. Linganisha na wimbo unaoujua vizuri, zote zikiwa na ukubwa uleule wa sauti. Juu ya hezi 8,000 usihangaike na marekebisho madogo, maana umbo la sikio na mkao wa hedifoni kichwani hubadilisha mambo.

Kabla ya kutoa faili la mwisho, zima ikwalaiza hiyo, la sivyo msikilizaji atapelekewa marekebisho ya hedifoni zako.