Faili za nyumbani, wewe safarini

WireGuard huunganisha simu yako na kompyuta iliyobaki nyumbani kwa njia ya siri, mradi ruta ielekeze porti ya UDP, kwa kawaida 51820, kwenye kompyuta hiyo. Kabla ya kuhangaika na funguo, soma anwani ya WAN kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Simu haitapata pa kubisha.

Hapo kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kompyuta ya nyumbani iitafute yenyewe na kuishikilia:

```
PersistentKeepalive = 25
```

Kila sekunde 25 itatuma pakiti ndogo, njia isijifunge. Andika `wg show`, usipoona `latest handshake`, hakuna muunganisho. Jaribu kwa data ya simu, waifai ikiwa imezimwa, kabla hujasafiri.